Arkea wa Magadi, Bogoria na madimbwi ya asidi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka zaidi kwa wanafunzi wa biolojia, kwa waongoza watalii wa Bonde la Ufa, na mara moja moja kwa wauza samaki wa chumvi. Nimekaa muda mrefu zaidi kwenye Ziwa Magadi kwa sababu pale ndipo tofauti kati ya arkea na bakteria unaweza kuishika kwa mikono.

Arkea ni nini?

Ni viumbe vya seli moja, vidogo kama bakteria, na kama bakteria seli zao hazina kiini. Mpaka miaka ya 1970 walihesabiwa kuwa bakteria wa ajabu ajabu tu. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois walilinganisha RNA ya ribosomu, ile mashine ya kutengenezea protini ambayo kila seli hai inayo. Walikuta kwamba vijidudu vinavyotoa gesi ya methani viko mbali na bakteria kama vile bakteria walivyo mbali na sisi. Mwaka 1990 Woese, pamoja na Otto Kandler na Mark Wheelis, wakapendekeza viumbe vyote vigawanywe katika makundi makuu matatu: bakteria, arkea, na viumbe vyenye kiini kwenye seli, ambamo tumo sisi, mihindi na uyoga.

Nikiwatazama kwa hadubini nitawatofautisha na bakteria?

Kwa kawaida hapana. Wote ni vijiti, vitufe au vitu visivyo na umbo maalumu. Wapo wachache wanaojitambulisha wenyewe, kama *Haloquadratum walsbyi* wa maji ya chumvi kali, ambaye ni mraba bapa kama kipande cha karatasi. Wengine wote watakuchanganya. Hata mahali wanapoishi hapatoshi, maana katika chemchemi ya moto au ziwa la chumvi utakuta arkea na bakteria wakiishi bega kwa bega. Tofauti iko kwenye vifaa vilivyojenga seli.

Basi tofauti kubwa zaidi ni ipi?

Mimi naanza na utando wa seli. Utando wa bakteria, na wetu pia, umetengenezwa kwa asidi za mafuta zilizoungwa na gliseroli kwa kiungo kinachoitwa esta. Utando wa arkea una minyororo yenye matawi badala ya asidi za mafuta, na kiungo chake ni etha. Hata gliseroli yenyewe imegeuzwa upande: ile ya arkea na ile ya bakteria ni kama mkono wa kushoto na wa kulia.

Kiungo cha esta hukatika kirahisi kikikutana na joto pamoja na alkali au asidi kali. Mtengeneza sabuni anakitegemea kila siku: anapochemsha mafuta na soda kali, viungo vya esta hukatika na kinachobaki ni sabuni na gliseroli. Kiungo cha etha hakikatiki kwa mchezo huo. Zaidi ya hapo, arkea wengi wa maji moto wameunganisha tabaka mbili za utando kuwa moja, kwa molekuli ndefu zinazotoka upande wa ndani hadi upande wa nje. Tabaka mbili zinaweza kuachana zikipata moto, lakini hapa hakuna cha kuachana.

Usifanye haraka kusema kwamba utando huu ndio siri yote, hata hivyo. Arkea wa baharini na wa udongo wa shamba wanao pia, na hao hawajui moto wala asidi.

Na ukuta wa seli je?

Bakteria walio wengi wana ukuta wa peptidoglikani. Arkea hawana kabisa. Wengi wao wamevaa ganda la protini zilizopangwa kwa safu, kama vigae. Ndiyo maana penisilini, ambayo huua kwa kuzuia ujenzi wa peptidoglikani, haiwagusi. Kloramfenikoli na streptomaisini, ambazo hushika ribosomu za bakteria, nazo kwa kawaida hazifui dafu.

Kinachowashangaza wanafunzi ni kwamba mashine ya arkea inayosoma jeni na kuandika RNA inafanana na yetu kuliko ya bakteria. Ina vipande vingi, na inahitaji protini za kuielekeza pa kuanzia, karibu zilezile tunazotumia sisi. Kwa umbo la nje ni bakteria mtupu, ila ukifungua ndani unaona ndugu wa mbali wa mihindi na wa binadamu.

Kwa nini Ziwa Magadi hugeuka jekundu?

Tuanze na maji. Magadi, kusini mwa Kenya, ni ziwa lisilo na njia ya kutokea. Chemchemi za maji moto zilizopo kandokando huliletea sodiamu na kaboneti zilizoyeyushwa kwenye miamba ya volkano. Katika maji mengi ya dunia kalsiamu na magnesiamu huishika kaboneti na kuizamisha kama chokaa. Maji ya Magadi yana kidogo mno cha madini hayo, kwa hiyo kaboneti hubaki majini. Jua likikausha, maji huzidi kuwa alkali, pH hufika 10 na zaidi, na magadi yenyewe huanza kuganda juu kama barafu chafu. Hayo ndiyo yanayovunwa kiwandani, na ndiyo yanayolainisha maharagwe jikoni.

Chumvi inapokolea, viumbe vya kawaida hunyonywa maji na kufa. Hapo ndipo arkea wa chumvi hupata nafasi. Huzaliana mpaka tone moja la maji likawa na mamilioni ya seli, na kila seli ina rangi nyekundu ya jamii ya karotenoidi inayoikinga na jua kali. Ukisimama ukingoni mwezi wa kiangazi, wekundu unaouona kwenye madimbwi kati ya magamba meupe ni miili yao. Ziwa Natron upande wa Tanzania hufanya vilevile, kwa sababu hizohizo.

Mwaka 1984 watafiti Tindall, Ross na Grant walieleza jenasi mbili mpya za arkea wanaopenda chumvi na alkali kwa pamoja: *Natronobacterium* na *Natronococcus*. Spishi *Natronobacterium gregoryi* ilitoka Magadi. Usihangaishwe na hilo "bacterium" mwishoni mwa jina. Ni mazoea ya zamani tu, kiumbe chenyewe ni arkea.

Wanawezaje kuishi bila kunyonywa maji na chumvi?

Bakteria wengi wa maji ya chumvi huizuia chumvi isiingie, na badala yake hujaza seli zao sukari au asidi amino fulani ili kusawazisha mvuto wa maji. Kazi hiyo inakula nguvu. Arkea wa chumvi wameamua vingine: wanaacha seli ijae chumvi, ila wanachagua ipi. Wanatoa sodiamu na kuingiza potasiamu, mpaka ndani kukawa na chumvi nyingi sawa na nje.

Uamuzi huo una gharama yake. Protini za kawaida zikitiwa kwenye chumvi kiasi hicho hugandana na kuacha kufanya kazi. Protini za arkea hawa zimejaa asidi amino zenye chaji hasi upande wa nje, na chaji hizo hushikilia maji na potasiamu kuzizunguka. Ukiondoa chumvi, chaji hasi zinabaki uchi na zinasukumana. Protini hukunjuka, ganda la nje husambaratika, seli hupasuka. Kwa hiyo hawa hawavumilii chumvi, wanaihitaji. *Halobacterium*, jamaa yao wa maji ya chumvi ya kawaida, hawezi kuishi chumvi ikishuka chini ya kama gramu 150 kwa lita, hali bahari ina kama 35 tu.

Nimechota maji mekundu ya Magadi. Nitajuaje kama ni arkea?

Rangi peke yake si ushahidi. Yuko bakteria aitwaye *Salinibacter ruber*, mwekundu vilevile, anayependa chumvi vilevile, na hata yeye hujaza seli yake potasiamu. Kuna pia mwani *Dunaliella*, ambaye huweza kuwa wa rangi ya machungwa. Fuata hatua.

Kwanza waoteshe. Chakula cha kawaida cha maabara kitawaua. Kinachotumika kwa wa Magadi kina gramu 200 za chumvi ya kawaida na gramu 18.5 za kaboneti ya sodiamu kwa kila lita, pamoja na dondoo ya hamira, asidi amino na chumvi kidogo ya potasiamu. Magnesiamu iwe kidogo sana. Kaboneti ichemshwe kwenye chupa yake na ichanganywe baadaye, la sivyo joto na alkali vitaiharibu agari ya kugandishia chakula hicho na sahani zako hazitashika. Ziweke kwenye nyuzi 37 hadi 40 za Selsiasi, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Huo mfuko wanafunzi wengi huupuuza. Arkea hawa hukua polepole, wiki moja hadi mbili, na bila mfuko sahani hukauka, chumvi inatoa fuwele, na mtu anahesabu fuwele akidhani ni makoloni. Namna ya kutambua ni rahisi: fuwele ina kona na inang'aa chini ya taa, koloni ni duara, laini, na ina rangi ya chungwa au nyekundu.

Kosa jingine liko kwenye peptoni, yaani protini iliyomeng'enywa ambayo wengine huitia kwenye chakula cha vijidudu. Baadhi ya peptoni za dukani zina mabaki ya chumvi za nyongo, ambazo huyeyusha utando wa arkea wa chumvi. Sahani inabaki tupu na mtu anasema ziwa halina kitu. Ukiona chumvi, pH na joto viko sawa na bado hakuna kinachoota, badilisha peptoni kabla ya kulaumu sampuli.

Ukishapata koloni, chukua kidogo, changanya na maji ya chumvi kali kwenye kioo cha hadubini, uangalie vijiti vikielea. Kisha ingiza tone la maji safi kando ya kifuniko. Maji yanapowafikia, wanavimba, wanakuwa duara, halafu hawaonekani tena. Ukifanya hivyo kwenye tyubu yenye seli nyingi, maji mekundu yenye ukungu huwa maangavu na mazito kama utelezi wa bamia, kwa sababu DNA imemwagika. Ndiyo sababu pia huwezi kuwapaka rangi ya Gramu kwa njia ya kawaida: ukiosha kwa maji, umewafuta. Watu hutumia asidi asetiki ya asilimia 2 kuwagandisha kwanza.

Kupasuka huko kunakuonyesha kwamba wanahitaji chumvi, basi. Sasa wapande kwenye sahani mbili, moja ina penisilini. *Salinibacter* atakwama kwenye penisilini. Arkea wataendelea kana kwamba hakuna kitu. Bado kuna bakteria sugu, kwa hiyo neno la mwisho ni jeni ya RNA ya ribosomu. Kwa PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi kwa kutumia vipande vifupi viitwavyo vianzishi, jozi hii hutumika sana kwa arkea:

```
21F   TTCCGGTTGATCCYGCCGGA
958R  YCCGGCGTTGAMTCCAATT
```

Ukipata kipande cha herufi kama 940, kipeleke kisomwe mfuatano wake. Usiridhike na mstari kwenye jeli peke yake, kwani vianzishi hukosea pia.

Ng'onda wangu amekuwa na madoa mekundu. Ni hao hao?

Mara nyingi ndiyo. Arkea wa chumvi huja na chumvi ya mashambani pwani, wakiwa hai ndani ya vitone vya maji vilivyofungiwa kwenye punje. Chumvi hiyo ikipakwa kwa samaki na samaki akahifadhiwa mahali penye joto na unyevu, wanapata protini ya kula. Dalili ni wekundu unaoanza kama vumbi, kisha utelezi, kisha harufu mbaya. Arkea wenyewe hawajulikani kuleta ugonjwa, ila samaki aliyefika kwenye utelezi ameshaanza kuharibika na pengine ana wageni wengine. Mtupe. Anayetaka kuepuka hali hiyo amkaushe samaki vizuri na amweke penye ubaridi, maana arkea hawa wanapenda joto.

Heroe wa Nakuru na Natron wanapata rangi ya waridi kwa arkea?

Hapana, ingawa waongoza watalii wengi husema hivyo. Heroe mdogo hula hasa *Arthrospira*, bakteria wa kijani anayetumia mwanga wa jua, na rangi yake hutoka kwenye chakula hicho.

Na kwenye chemchemi za Bogoria, ni arkea au bakteria?

Wote, na joto ndilo linalowapanga. Ziwa Bogoria liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100. Fuata kijito kinachotoka kwenye tundu linalotokota. Mwanzoni mawe ni matupu. Mbele kidogo, maji yakipoa, unaona utando wa rangi ya kijani au chungwa umeshika mawe. Mpaka huo hauji kwa bahati: usanisinuru haufanyiki juu ya nyuzi 73 hivi, kwa hiyo bakteria wa kijani hawawezi kupanda zaidi. Juu ya mpaka huo wanabaki wanaokula kemikali, bakteria kadhaa na arkea. Kadiri joto linavyokaribia na kupita nyuzi 100, katika chemchemi za chini ya bahari ambako mgandamizo huzuia maji yasichemke, bakteria wanaisha na arkea wanabaki. Rekodi ni ya *Methanopyrus kandleri*, aliyeoteshwa maabara kwenye nyuzi 122.

Tafadhali usikanyage ukingo wa matundu ya Bogoria ili kuchota. Gamba huonekana gumu, na chini yake ni maji yanayochemka.

Madimbwi ya asidi yanatokea wapi, na nani anaishi humo?

Hapa inabidi tutoke Kenya, kwa sababu chemchemi za Bogoria ni za alkali. Mfano unaojulikana vizuri ni Yellowstone, Marekani. Gesi yenye harufu ya mayai viza, haidrojeni salfaidi, hupanda kutoka chini, hukutana na oksijeni na kuacha salfa ya manjano. *Sulfolobus acidocaldarius*, arkea aliyeelezwa na Thomas Brock na wenzake mwaka 1972, huila salfa hiyo pamoja na oksijeni na kutoa asidi ya salfa. Kwa maneno mengine, mkazi anachangia kuitengeneza asidi anayoishi ndani yake. Anastawi kwenye nyuzi 75 hadi 80, pH 2 au 3.

Ndani ya seli yake hakuna asidi hiyo. Huko pH ni karibu 6. Kama nje ni 2, haidrojeni yenye chaji iko nje mara 10,000 kuliko ndani, na inasukuma kuingia muda wote. Utando ule wa tabaka moja huiruhusu kupenya kidogo sana, na inayopenya husukumwa nje. Anayekwenda mbali zaidi ni *Picrophilus torridus*, aliyepatikana Hokkaido, Japani, anayependa pH 0.7. Ukimtoa ukamweka kwenye pH ya juu ya 4, utando wake huvuja na hufa.

Je, kuna mahali pakali mno hata kwao?

Inaonekana Dallol, katika bonde la Danakil, Ethiopia. Pale kuna joto la nyuzi zaidi ya 100, chumvi kali na pH chini ya 0, vyote katika dimbwi moja. Mwaka 2019 kundi moja la watafiti liliripoti dalili za arkea wadogo sana katika eneo hilo. Kundi jingine, mwaka huohuo, halikupata uhai katika madimbwi makali zaidi; lilichokuta ni chembe za madini zenye umbo la seli, huku arkea wakijaa katika madimbwi ya jirani yaliyo na unafuu. Mimi naegemea kundi la pili. Kustahimili asidi na kustahimili chumvi kunaomba mambo yanayopingana: protini zenye chaji hasi kwa nje, ambazo ndizo silaha ya wa Magadi, hupoteza chaji hiyo penye asidi kali.

Wanasababisha ugonjwa?

Hakuna arkea hata mmoja anayejulikana kuwa chanzo cha ugonjwa wa binadamu kwa namna ya kipindupindu au kifua kikuu. Tunao tumboni, *Methanobrevibacter smithii* akiwa wa kawaida zaidi, na ng'ombe wanao kwa wingi. Methani anayocheua ng'ombe ni kazi yao. Methani ya Ziwa Kivu, inayovutwa kuzalisha umeme Karongi nchini Rwanda, nayo imetokana na arkea wa jamii hiyo.

Kuna faida yoyote iliyotoka kwao?

Ipo kwenye maabara nyingi. Watu hupenda kusema kimeng'enya cha PCR kilitoka kwa arkea, na wanakosea: Taq ni ya *Thermus aquaticus*, bakteria. Ya arkea ni Pfu, kutoka kwa *Pyrococcus furiosus* wa kisiwa cha Vulcano, Italia, ambayo hufanya makosa machache zaidi kwa sababu hurudi kusahihisha ilipokosea. Magadi nayo iliwahi kutikisa dunia: mwaka 2016 ilichapishwa makala iliyodai kwamba protini ya *Natronobacterium gregoryi* inaweza kuhariri jeni za binadamu. Maabara nyingine zilijaribu zikashindwa kurudia matokeo hayo, na mwaka 2017 makala iliondolewa. Wengine walikuwa wameonya mapema kwamba protini iliyozoea seli iliyojaa chumvi haielekei kukunjika vizuri ndani ya seli yetu.

Naweza kwenda kuchota sampuli mwenyewe?

Kwa kutazama, nenda. Kwa utafiti nchini Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kama utagusa rasilimali za kijeni. Bogoria ni hifadhi, na sehemu kubwa ya Magadi iko chini ya kampuni inayovuna. Anza maombi mapema, na uchukue chupa ya plastiki inayofunga vizuri, ujaze hadi juu. Usiiongezee maji ya bomba hata kidogo ukitaka kufika nyumbani na kitu hai.